Sonara ameandika mstari mmoja, wakala wa bima ameukataa

*Assalam aleikum mshauri. Mume wangu ameikatia bima nyumba yetu na vilivyomo. Wakala akasema vito vya bei kubwa haviingii hivi hivi, lazima vitajwe kimoja kimoja na viwe na hati ya thamani. Mimi nina bangili nne za dhahabu alizoniachia mama mkwe, mbili nyembamba na mbili nene, pamoja na pete ya tanzanaiti aliyoninunulia mume wangu. Nikaenda kwa sonara mmoja wa hapa mjini, mtaa wa Mwanga. Akaviweka vyote pamoja kwenye mizani, akaniandikia kwenye kitabu cha risiti: "Seti ya dhahabu na pete ya tanzanaiti, gramu 53.2, Sh 20,000,000." Wakala ameikataa. Kumrudia sonara, akaniambia kama shida ni namba ataandika milioni 30. Shemeji naye anasema hata hiyo 20 ni ya kujifurahisha, kwa sababu amemuuliza mnunuzi wa dhahabu kuhusu bangili akatajiwa milioni 11. Nimsikilize nani? Hati yenyewe inatakiwa iwe na nini, na je, lazima niende Dar?*
*Mama Z, Ujiji*

Waalaykum salaam, Mama Z.

Wakala hakukuonea. Karatasi ya namna hii haiandikwi kwa ajili ya siku ya leo, ambapo bangili ziko mkononi mwako na kila mtu anaziona. Inaandikwa kwa ajili ya siku ambayo hazipo. Siku hiyo atakayeisoma ni ofisa wa madai aliyekaa Dar es Salaam au Mwanza, ambaye hajawahi kukuona wewe wala bangili zako. Akikuta "seti ya dhahabu, gramu 53.2", atajuaje kama ilikuwa dhahabu ya karati 22 au 9? Seti ya vitu vingapi? Mwizi akichukua bangili mbili na kuacha mbili, atalipa kiasi gani? Kwa hiyo hati yoyote utakayopewa ijaribu kwa swali moja: sonara mwingine, asiyewahi kukiona kitu chako, anaweza kukitengeneza upya kwa kuisoma karatasi hii peke yake? Kama hawezi, hiyo ni risiti ya kupimiwa uzito.

Nianze na ugomvi wa namba, maana shemeji yako na sonara wanazungumzia vitu viwili tofauti. Kitu kimoja kina thamani zaidi ya moja, kutegemea unataka kukifanyia nini. Nitatumia bei ya mfano ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme dhahabu safi siku hiyo ni shilingi 300,000 kwa gramu, na tuseme bangili zako zote nne ni karati 22 na zina gramu 48. Karati 22 maana yake katika kila sehemu 1,000, sehemu 916 ni dhahabu na zilizobaki ni shaba, fedha na kadhalika. Gramu 48 mara 0.916 ni karibu gramu 44 za dhahabu safi, na mara 300,000 tunapata takribani milioni 13.2. Hiyo ni thamani ya kuyeyusha. Mnunuzi anayetaka faida na anayejua kuna upotevu kwenye moto hatakupa yote. Akikutajia 11 hajakuibia, amekupa bei ya kuuzia.

Lakini bima haikukatiwa ili uuze. Imekatiwa ili zikipotea upate nyingine kama hizo, na dukani hununui dhahabu tupu. Unalipa ufundi, tuseme shilingi 40,000 kwa gramu, ambayo kwa gramu 48 ni milioni 1.92. Jumla imefika milioni 15.1. Duka likiwa limesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ongeza asilimia 18, unafika karibu milioni 17.8. Hiyo ndiyo thamani ya kununua upya, na ndiyo ambayo bima ya kawaida ya vito huitegemea. Unaona basi: milioni 11 na milioni 17.8 zinatoka kwenye bangili zilezile, na zote zinaweza kuwa kweli. Ndiyo maana hati nzuri inataja wazi, karibu na juu kabisa, kwamba imeandikwa kwa ajili ya bima na kwamba thamani iliyotajwa ni ya kununua upya dukani, kwa bei ya dhahabu ya tarehe fulani. Hati iliyoandika "thamani" tu, bila kusema thamani ya nini, inampa ofisa wa madai ruhusa ya kuchagua anayoitaka.

Sasa uzito, na hapa ndipo ninapomlaumu sonara wako zaidi kuliko kwenye namba. Kuweka bangili na pete kwenye mizani kwa mpigo mmoja kumechanganya dhahabu ambazo huenda hazina usafi mmoja. Bangili za zamani za huku kwetu mara nyingi ni karati 22, ila pete zenye jiwe hutengenezwa kwa karati 18 kwa sababu dhahabu laini mno hailishiki jiwe vizuri. Halafu ndani ya zile gramu 53.2 kuna uzito wa jiwe lenyewe, ambalo si dhahabu. Kila kitu kipimwe peke yake, baada ya kusafishwa, kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Angalia kama ina stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, na usione haya kuuliza kama huioni. Na usiviache vito vyako dukani hadi kesho. Kaa hapo hapo hadi vipimwe na virudi mkononi mwako.

Zile bangili mbili nene zinanitia wasiwasi, na ningependa zichunguzwe kabla ya kitu kingine chochote. Masonara wa zamani walikuwa na mtindo wa kutengeneza bangili nene kwa bati jembamba la dhahabu lililokunjwa kuwa bomba, kisha wakajaza ndani gundi ya lakiri ili isibonyee. Kazi halali na nzuri, wala si utapeli. Tatizo ni kwamba mizani inapima dhahabu na gundi kwa pamoja. Ukiisugua juu kwenye jiwe jeusi na kudondoshea asidi, itaonyesha karati 22, na itakuwa kweli kwa juu. Hata mashine ya eksirei, ambayo wengi wanaiamini kama mwisho wa maneno, inasoma ngozi ya nje tu.

Kinachoumbua ni maji. Sonara anaweka kikombe cha maji kwenye mizani na kuirudisha kwenye sifuri. Kisha anaining'iniza bangili kwa uzi ndani ya maji, imezama yote lakini haigusi chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Dhahabu ya karati 22 ina uzito wa karibu mara 17.7 ya maji, kwa hiyo bangili mbili nene zenye gramu 32, kama ni dhahabu ngumu tupu, zitasukuma takribani gramu 1.8. Zikisukuma 4.6, kuna kitu chepesi ndani. Kama kitu hicho ni lakiri, hesabu inatoa takribani gramu 3.3 za gundi na gramu 28.7 za dhahabu. Ukirudia hesabu yetu ya juu kwa uzito huo mpya, thamani ya bangili zote nne inashuka kutoka 17.8 hadi karibu milioni 16.6. Ni milioni moja na zaidi ambayo ungekuwa unailipia ada ya bima bila kuwa nayo.

Njia hii ina mipaka yake. Maji hayatamki kama ndani mna gundi au mna hewa, na tofauti ni kubwa, kwa sababu hewa haiongezi uzito kwenye mizani. Bangili yenye tundu dogo itaingiza maji na kuvuruga kipimo. Ukiona viputo vinatoka, ndiyo hiyo. Fundi mzoefu atasikiliza mlio wake ikigongwa, ataangalia maungio kwa lenzi, na asipokuwa na uhakika ataandika hivyo: "bangili ina uwazi ndani, uzito wa dhahabu ni wa makadirio." Sentensi hiyo isikutishe. Mthamini anayeandika alichokipima na alichokikadiria, kila kimoja kwa jina lake, ndiye unayemtafuta.

Chapa ya 916 iliyogongwa ndani ya bangili inakiliwe kwenye hati kama ilivyo, na kama haipo iandikwe kwamba haipo. Vito vingi vilivyotengenezwa kwa mkono havina chapa kabisa, na chapa yenyewe mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kuigonga. Kwa hiyo hati iseme usafi umepimwa kwa njia gani, isiishie kusema "imeandikwa 916".

Pete ni habari nyingine. Kwenye bangili thamani iko kwenye uzito, na sonara mzuri wa Kigoma anaumudu. Kwenye pete thamani inaweza kuwa karibu yote kwenye jiwe, na neno "tanzanaiti" kwenye risiti halijasema kitu. Tanzanaiti ya kweli inatoka Mererani tu, lakini vinavyouzwa kwa jina lake ni vingi: glasi ya buluu, na forsteriti ya kutengenezwa maabara ambayo kwa macho inafanana nayo sana. Mtu mwenye lenzi ya kukuza mara kumi anaweza kuishuku haraka. Akitazama kupitia juu ya jiwe hadi kwenye kingo za nyuma, forsteriti huonyesha kingo hizo zikiwa mbili mbili kama maandishi yaliyochapwa yakasogea. Kwenye tanzanaiti hali hiyo haionekani kirahisi hivyo. Sonara asiyewahi kuangalia jiwe kwa namna hiyo asiliandikie thamani.

Kwa jiwe, hati itaje kwanza kama ni la asili au la kutengenezwa. Kisha umbo lake, vipimo kwa milimita, uzito kwa karati (karati moja ya jiwe ni gramu 0.2), rangi, usafi, na kama limepitishwa kwenye moto. Karibu tanzanaiti zote za buluu zimechomwa, kwa hiyo neno "imechomwa" si doa, ila likikosekana ujue mwandishi hakuangalia. Uzito mara nyingi utakuwa wa makadirio, maana kulitoa jiwe kwenye pete ili lipimwe peke yake ni kulihatarisha bila sababu, na tanzanaiti hupasuka ikigongwa au ikipata joto la ghafla. Makadirio yana kanuni yake. Jiwe la yai lenye milimita 8 kwa 6 na kina cha 4: unachukua wastani wa urefu na upana, ambao ni 7, unauzidisha kwa wenyewe kupata 49, mara kina 4, mara uzani wa tanzanaiti 3.35, mara 0.002. Inatoka kama karati 1.3. Hati ikisema "karati 1.3, makadirio, jiwe likiwa kwenye pete", na vipimo vya milimita viko pembeni, mtu wa Dar anaweza kuirudia hesabu hiyo mezani kwake bila kuiona pete.

Kuhusu safari basi: kwa bangili, usiende popote. Tafuta sonara hapo Kigoma mwenye leseni na duka linalojulikana, anayekubali kupima kwa maji mbele yako na kuandika kurasa mbili badala ya mstari mmoja. Kabla ya kumlipa muulize wakala kwa maandishi kama kampuni yake itapokea hati ya sonara huyo, maana baadhi zina wathamini wao. Kwa pete, tafuta risiti ya duka mumeo alikoinunua. Ikiwa ilitoka na cheti cha jiwe, shida imekwisha nusu. Kama hakuna cheti na pete ni ya mamilioni, ipelekwe kwa mtaalamu wa jemolojia, yaani elimu ya mawe ya vito. Arusha ndiko kuna mkusanyiko wa watu wa tanzanaiti, na Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko huko. Ila kumbuka cheti cha maabara kinakuambia jiwe ni nini, mara nyingi hakitaji bei. Bei inakuja kwenye hati ya mthamini, na cheti kinaambatishwa. Ikiwa pete ilinunuliwa kwa laki chache, gharama ya safari haina maana. Iache bila kutajwa, ibaki ndani ya bima ya jumla ya vyombo.

Nimekuandikia kipengele kimoja ili umwonyeshe sonara unachotaka: "Bangili moja ya mkono, duara, nene, ina nakshi ya maua pande zote. Kipenyo cha ndani milimita 62, upana milimita 9. Uzito wote gramu 16.04. Hakuna chapa. Usafi: karati 22 kwa jiwe na asidi, sehemu tatu tofauti. Kipimo cha maji kinaonyesha uwazi uliojazwa. Dhahabu inakadiriwa kuwa gramu 14.4. Hali: mbonyeo mdogo mmoja karibu na maungio. Picha namba 3 na 4." Namba hizo ni za mfano, zako zitatoka kwenye mizani. Baada ya hapo ndipo thamani ya bangili hiyo peke yake, na chini ya ukurasa jumla ya zote. Picha zipigwe juu ya karatasi nyeupe, rula ikiwa pembeni, upande wa mbele na wa ndani. Ule mbonyeo ulioandikwa ndio utakaothibitisha kuwa ni yako siku polisi wakiikamata mahali.

Mwisho wa hati kuwe na jina lako, tarehe ya uchunguzi, bei ya dhahabu iliyotumika, jina la aliyepima, namba ya leseni yake, sahihi na muhuri. Malipo yake yawe ya kazi, yaliyokubaliwa kabla. Akidai asilimia ya thamani, ana sababu ya kuipandisha. Akikupimia halafu akajitolea kuinunua, ana sababu ya kuishusha.

Milioni 30 zikatae kwa adabu. Kampuni hailipi namba iliyoandikwa kwa sababu imeandikwa. Bima ya kawaida inalipa gharama halisi ya kununua upya siku ya hasara, kwa hiyo ungetoa ada inayokokotolewa kwa milioni 30 na kulipwa 17 au 18 kwa bangili, pamoja na bei halisi ya pete. Na wakigundua namba ilipikwa, mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa mkatiwa, wana haki ya kuuvunja wote. Hapo hata moto ukiunguza sebule mtabaki mikono mitupu.

Ushauri wa shemeji nao una hasara yake, tena isiyoonekana mapema. Ukiandikisha bangili kwa bei ya chini, tuseme milioni 9, ilhali kuzinunua upya ni 18, mikataba mingi ina kanuni ya wastani: umekatia nusu, unalipwa nusu, hata kwa kilichopotea kidogo. Bangili ya milioni 4 ikiibiwa utapata milioni 2, kisha wakate na kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unakutaka ubebe mwenyewe.

Muulize wakala pia kama kinga ni ya ndani ya nyumba tu au hata ukiwa umezivaa harusini Kasulu, na kama wanataka ziwekwe kwenye sefu. Majibu yawe kwenye karatasi.

Hati hii haitadumu. Mwaka 2023 wakia ya dhahabu iliuzwa kwa karibu dola 2,000, na Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Aliyepimiwa 2023 akaiweka hati kabatini, kufikia hapo bila kujua alikuwa amekatia karibu nusu tu. Maelezo ya uzito, usafi na picha hayabadiliki, kwa hiyo huhitaji kupima kila kitu upya kila mara. Kila mkataba unapohuishwa, mrudie sonara na hati ileile, abadilishe bei ya dhahabu, jumla na tarehe, kisha agonge muhuri mpya. Nakala moja mpe wakala, nyingine iweke nje ya nyumba, kwa ndugu unayemwamini, pamoja na picha zote.